APN Inayotoweka Baada ya Kuhifadhiwa: Kurudisha Data Ulipobadilisha Laini na Simu

Swali: Nimepata simu nyingine ya Android na wakati huohuo nimehama mtandao nikiwa na namba yangu ileile, kwa hiyo laini pia ni mpya. Kupiga na meseji viko sawa, lakini data haifanyi kazi kabisa. Nilifungua simu ya zamani nikanakili APN yake yote, sehemu kwa sehemu, nikaihifadhi kwenye simu mpya. Nikirudi kwenye orodha, haipo. Nimerudia na bado inapotea. Shida ni simu, laini, au mimi?

Jibu: Ndugu msomaji, APN uliyoiandika, yaani mipangilio inayoionyesha simu njia ya kufikia intaneti, haikufutwa. Imehifadhiwa ndani ya simu, ila simu imeificha, kwa sababu pamoja na yale mengine yote ulinakili pia namba mbili fupi zilizo katika sehemu za `MCC` na `MNC`, na namba hizo ni za mtandao uliouacha. Android haionyeshi kwenye orodha APN zote ilizonazo. Huonyesha zile tu ambazo namba hizo mbili zinalingana na za laini iliyomo ndani ya simu. Hata hivyo, kuzisahihisha namba hizo peke yake hakutakurudishia data, kwa kuwa jina la APN ulilolinakili nalo ni la mtandao wa zamani.

Kwanza tuone kwa nini kupiga kunawezekana wakati data imegoma, kwa sababu jambo hili huwafanya wengi waamini kwamba laini yao ina kasoro. Unapoweka laini, simu hujitambulisha kwa mtandao kwa namba ya utambulisho iliyoandikwa ndani ya laini, iitwayo IMSI, ambayo si namba unayowapa watu wakupigie. Mtandao ukikubali, vijiti vya mawimbi huonekana na unaweza kupiga. Data inahitaji hatua nyingine juu ya hiyo: simu huomba kufunguliwa njia ya kwenda kwenye intaneti, na katika ombi hilo hutaja jina la lango inalotaka kupitia. Jina hilo ndilo APN. Mtandao huangalia mambo mawili, kama jina hilo linajulikana na kama laini yako imeruhusiwa kulitumia, kisha ndipo unapotafuta mtambo wa lango lenyewe na kuipa simu anwani ya intaneti. Jina lisipojulikana, mtandao hurudisha kukataa kwa namba 27. Jina likijulikana lakini laini yako haina ruhusa nalo, hurudisha namba 33. Jina la mtumiaji au nenosiri likikosewa, hurudisha namba 29. Namba hizi ni za viwango vya kimataifa vya mitandao ya simu, ila simu ya kawaida haikuonyeshi hata moja. Wewe unaona tu kwamba alama ya data haitokei pembeni mwa vijiti vya mawimbi.

Kuna jambo moja la 4G linalopotosha. Kwenye 2G na 3G, simu inaweza kusajiliwa na kukaa bila njia yoyote ya data hadi itakapoiomba. Kwenye 4G, njia ya data hufunguliwa palepale simu inaposajiliwa, na simu isipotaja jina lolote mtandao unaweza kuipa jina la kawaida lililowekwa kwenye usajili wa laini hiyo. Ndiyo maana wapo watu ambao APN yao ina kasoro na bado data inapita wakiwa kwenye 4G, kisha inakatika kila wanapofika mahali penye 3G tu, nao hulaumu minara. Vilevile, simu zinazopitisha sauti juu ya 4G hutumia kwa kazi hiyo APN nyingine kabisa iitwayo `ims`, kwa hiyo simu kuita vizuri si ushahidi wowote kwamba APN ya intaneti iko sahihi.

Sasa turudi kwenye zile namba mbili. `MCC` ni msimbo wa nchi wenye tarakimu 3, na `MNC` ni msimbo wa mtandao ndani ya nchi hiyo wenye tarakimu 2 au 3. Zikiunganishwa ndizo zinazoanza ile IMSI, yaani tarakimu zake 5 au 6 za mwanzo. Ndani ya Android kuna faili kubwa lenye APN za mitandao mingi ya dunia, na kila moja imeandikiwa misimbo yake. Simu inaposoma laini mpya huchukua tarakimu hizo za mwanzo na kuchagua kwenye faili zile zinazolingana, na ndiyo sababu mara nyingi data huanza yenyewe bila mtu kugusa chochote. Inaposhindikana, huwa ni kwa sababu faili la simu hiyo halina mtandao wako, au lina taarifa zilizopitwa na wakati, au simu ilitengenezwa kwa ajili ya soko jingine.

Hapa ndipo kuhama mtandao na namba ileile kunapokuchanganya. Namba ya simu imebaki, lakini IMSI imebadilika, kwa sababu IMSI iko ndani ya laini na laini mpya imetolewa na kampuni mpya. Tarakimu za mwanzo za namba yako ya simu hazisemi tena chochote kuhusu mtandao ulio nao. Ukitafuta APN kwa kuangalia namba yako inaanzaje, au ukichukua zilizokuwa kwenye simu ya zamani, utapata za kampuni uliyoihama. APN inafuata kampuni iliyotoa laini. Haifuati namba, na haifuati simu.

Kwa hiyo fanya hivi. Anza kwa kupata jina sahihi la APN kutoka kwa kampuni yako mpya, ama kwa huduma kwa wateja, ama kwenye karatasi iliyokuja na laini, ama kwa kumwomba mtu mwenye laini ya kampuni hiyohiyo na aina ileile ya huduma akuonyeshe iliyo kwenye simu yake. Nasisitiza aina ileile ya huduma kwa sababu kampuni moja inaweza kuwa na APN tofauti kwa wateja wa malipo ya kabla, wa malipo ya baada, wa modemu na wa ofisi, na laini isiyosajiliwa kwa jina fulani itakataliwa hata jina likiwa limeandikwa vizuri kabisa. Ndiyo ile namba 33 niliyoitaja.

Kisha fungua mipangilio ya simu, uingie sehemu ya mtandao, halafu sehemu ya laini, na humo utafute `Access Point Names`. Simu ikiwa na laini mbili, hakikisha umeingia kwenye ukurasa wa laini ambayo unataka itumike kwa data, kwa kuwa kila laini ina orodha yake. Nimeona mara nyingi APN sahihi kabisa ikiwa imeandikwa chini ya laini isiyohusika. Gusa alama ya kujumlisha ili kuanza APN mpya, na kabla ya kuandika chochote shuka uangalie `MCC` na `MNC`. Kwa kawaida utakuta simu imekwisha kuzijaza yenyewe kutoka kwenye laini. Ziache kama zilivyo. Hata ujumbe wa maelekezo uliotumiwa ukitaja namba nyingine, amini zilizosomwa kwenye laini, maana ndizo simu itakazotumia kuamua kama ikuonyeshe APN hiyo au iifiche.

Ili uone umbo la APN iliyokamilika, nitatumia misimbo 001 na 01, ambayo kimataifa imetengwa kwa mitandao ya majaribio, na jina la mfano `internet`, ambalo utaweka mahali pake lile ulilopewa:

```
Name: Data
APN: internet
Proxy:
Port:
Username:
Password:
MCC: 001
MNC: 01
Authentication type: None
APN type: default,supl
APN protocol: IPv4/IPv6
```

`Name` ni jina la kukusaidia wewe tu kuitambua kwenye orodha, na unaweza kuandika chochote, lakini usiliache tupu kwa sababu simu itakataa kuhifadhi. `APN` ndiyo sehemu yenye uzito wote. Herufi kubwa au ndogo hapo si tatizo kwa mtandao, lakini nafasi tupu ni tatizo, na nafasi hiyo huingia bila wewe kujua: ukigusa neno lililopendekezwa na kibodi, kibodi huongeza nafasi baada ya neno. Macho hayaioni. Baada ya kuandika, peleka kishale mwishoni kabisa, na kama kimesimama mbali na herufi ya mwisho, futa mara moja.

`Username` na `Password` huachwa tupu isipokuwa kampuni imekupa za kuandika. Kama imekupa, basi `Authentication type` nayo lazima iwekwe kama walivyosema, ambayo huwa `PAP` au `CHAP`. Usipoelezwa, jaribu `PAP or CHAP`. `APN type` huielekeza simu APN hii itumike kwa kazi gani: `default` ni intaneti ya kawaida na `supl` ni msaada wa kutafuta mahali ulipo. Andika kwa herufi ndogo, tenganisha kwa mkato, bila nafasi baada ya mkato. Ukiandika `mms` peke yake, APN itatokea kwenye orodha lakini haitakuwa na kiduara cha kuichagua, na hutapata data kwayo. Simu zingine huhitaji pia neno `dun` ili kugawia vifaa vingine intaneti, kwa hiyo kama data inafanya kazi kwenye simu lakini kompyuta unayoiunganisha nayo haipati kitu, ongeza neno hilo mwishoni baada ya mkato.

`APN protocol` ni aina ya anwani ya intaneti ambayo simu inaomba. `IPv4/IPv6` huomba zote mbili, na mtandao unaotoa moja tu kwa kawaida hujibu kwa hiyo moja. Ikiwa mengine yote yako sawa na data bado inakataa, badilisha hapa uweke `IPv4` peke yake, ujaribu tena. Ni badiliko dogo ambalo huokoa simu zinazotumia mitandao yenye mitambo ya zamani.

Ukimaliza, usitoke kwa kubonyeza kitufe cha kurudi nyuma. Gusa nukta tatu za juu uchague `Save`. Ukirudi kwenye orodha, APN yako sasa itakuwepo, lakini kuwepo hakutoshi: gusa kiduara kilicho kando yake mpaka kijae. Baadaye washa hali ya ndege kwa nusu dakika hivi, kisha uizime. Hatua hii ina kazi yake halisi. Kama nilivyoeleza, kwenye 4G njia ya data hufunguliwa wakati wa kusajiliwa, na hali ya ndege huilazimisha simu kujisajili upya ikiwa na jina jipya mkononi.

Zima Wi-Fi, kisha uangalie pembeni mwa vijiti vya mawimbi. Jambo utakaloliona hapo linagawa matatizo yote katika makundi mawili, na ningependa ulizingatie kabla ya kubadilisha kitu kingine chochote.

Alama ya data isipotokea kabisa, maana yake mtandao umekataa kufungua njia, au simu haijaomba. Rudi uangalie kama data ya simu imewashwa, kama laini iliyochaguliwa kwa data ndiyo hiyo, na kama jina la APN halina kosa. Kama kampuni yako mpya ni miongoni mwa zile zisizo na minara yao bali hukodi minara ya kampuni nyingine, washa pia `Roaming` na ujaribu. Baadhi ya laini za namna hiyo zina misimbo tofauti na ya mnara zinaoutumia, kwa hiyo simu hujiona iko ugenini hata ukiwa nyumbani kwako, na inazuia data kwa nia njema ya kukuepusha na gharama. Uliza kwanza kampuni kama hiyo ndiyo hali ya laini yao, ili usiiwashe mahali ambapo kweli utatozwa. Laini nyingine za kampuni kama hizo zina misimbo ileile ya mwenye minara, na hapo simu huchagua yenyewe APN ya mwenye minara, ambayo laini yako haina ruhusa nayo. Dawa ni kuandika APN ya kampuni yako na kuichagua kwa mkono.

Alama ikitokea lakini kurasa hazifunguki, jina la APN limekubaliwa, na kuendelea kulibadilisha ni kupoteza muda. Ingia kwenye maelezo ya simu, kwenye hali ya laini au ya mtandao, utafute anwani ya `IP`. Ukikuta imeanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, hiyo ni anwani ya ndani ambayo mitandao mingi ya simu huwapa wateja, na ni dalili kwamba njia imefunguka. Baada ya hapo andika kwenye kivinjari:

```
http://1.1.1.1
```

Hiyo ni anwani ya namba tupu, isiyohitaji kutafsiriwa kutoka jina. Ikijibu, hata kwa kukuelekeza kwenye anwani ya jina kisha kukwama hapo, huku kurasa za majina zikigoma, kinachokwama ni utafsiri wa majina, na mahali pa kwanza pa kuangalia ni `Private DNS` kwenye mipangilio ya mtandao, ambayo huenda ulihamisha na nakala ya simu ya zamani. Iweke kwenye `Automatic`. Anwani hiyo ya namba nayo ikigoma, angalia salio la data, kisha uangalie `Proxy`.

Sehemu hii ya `Proxy` nataka kuisimulia kwa kisa, kwa kuwa inafanana sana na namna ulivyonakili. Mtu mmoja aliniletea simu ambayo programu yake ya meseji za intaneti ilikuwa ikipokea na kutuma vizuri, ilhali hakuna ukurasa hata mmoja uliofunguka kwenye kivinjari. Alama ya data ilikuwepo na anwani ilikuwepo, na alikuwa amekwisha kubadilisha kivinjari akidhani kimeharibika. Nilipofungua APN yake nilikuta jina ni sahihi, lakini kwenye `Proxy` kulikuwa na anwani ya namba na kwenye `Port` kulikuwa na 8080. Alivinakili kutoka kwenye maelekezo ya zamani, ya wakati ambapo simu ndogo zilifikia intaneti kupitia mtambo wa kati uliozipunguzia kurasa ukubwa. Kivinjari hutii sehemu hiyo, kwa hiyo kilikuwa kinapeleka kila ombi kwa mtambo ambao haupo tena, ilhali programu nyingi zina njia zao na haziitii, ndiyo maana zilipita. Tulifuta anwani na namba ya mlango, tukahifadhi, tukawasha na kuzima hali ya ndege, na kurasa zikafunguka. Ukikuta kitu kwenye sehemu hizo mbili na kampuni yako haikukuagiza ukiweke, kifute. Meseji za picha zina sehemu zake nyingine, `MMSC`, `MMS proxy` na `MMS port`, ambazo hazigusi kabisa kufunguka kwa kurasa.

Kwa wasomaji wenye iPhone, ukurasa wa kuandika APN uko ndani ya mipangilio ya data ya simu kwa jina la `Mobile Data Network` au `Cellular Data Network`, lakini hutokea tu pale kampuni inaporuhusu. Ukiutafuta usiuone, simu inapata taarifa zake kutoka kwenye faili la kampuni linalokuja lenyewe. Fungua `General`, kisha `About`, usubiri kidogo ukiwa kwenye Wi-Fi, na kama kuna faili jipya utaulizwa kuliweka. Kosa ninalokutana nalo zaidi kwa waliohama mtandao ni wasifu wa kampuni ya zamani uliosahaulika kwenye `VPN & Device Management`. Wasifu huo una APN ya zamani ndani yake na huitawala simu hata laini ikibadilishwa. Ufute, uzime simu na kuiwasha.

Usikimbilie kubonyeza `Reset network settings`. Kitufe hicho kinafuta nenosiri za Wi-Fi zote na vifaa vyote vya Bluetooth, na hakina msaada kama faili la simu halina mtandao wako tangu mwanzo. Ndani ya ukurasa wa APN wenyewe kuna `Reset to default`, ambacho hufuta APN ulizoandika wewe na kurudisha zilizokuja na simu. Kwa hali yako hicho kinafaa kutumiwa mara moja kabla ya kuanza, ili uanze na orodha safi.

Kampuni nyingine hutuma mipangilio kwa ujumbe maalumu unaojiweka wenyewe ukiukubali. Ukubali ikiwa wewe ndiye uliyeuomba muda huohuo. Ukija bila kuombwa, ukatae, kwa sababu anayeweza kukuwekea `Proxy` yake anaweza kupitisha mawasiliano yako kwenye mtambo wake.

Baada ya haya yote, alama ya data ikiendelea kutotokea, weka laini hiyo kwenye simu nyingine ambayo unajua inafanya kazi na mtandao huohuo. Ikigoma na huko, kasoro iko kwenye usajili wa laini na hakuna utakachoandika kwenye simu kitakachoiondoa. Piga huduma kwa wateja, lakini usiwaambie tu kwamba intaneti haifanyi kazi, kwa maana watakusomea tena maelekezo ya APN. Waulize kama huduma ya data imefunguliwa kwenye laini yako tangu ulipohama, kisha uwaombe wakutajie ni APN gani hasa imeandikwa kwenye usajili wa laini hiyo. Wakikutajia jina tofauti na ulilopewa mwanzo, andika hilo.